Madonge ya Unga wa Mbao

Nilikuwa nayaonea kinyaa madonge yale, sifichi. Mama alikuwa akiloweka unga wa mbao na pumba za mpunga kwenye pipa hadi vilegee, kisha karatasi chakavu nazo, akazitwanga kwenye kinu. Harufu yake, loo! Kama uji uliochacha. Enzi hizo za soko huria, Kibiti kila mwenye msumeno alikuwa na kiwanda chake, na unga wa mbao ulitupwa hovyo mpaka mitaroni. Mama alishindilia uji ule kwenye kopo lililotobolewa, maji yakachuruzika, akaacha tundu katikati la kupitishia hewa, akaanika madonge juani hadi yakauke kabisa, yawe ya kupikia badala ya mkaa.

"Mkaa unamaliza misitu, mwanangu. Hii takataka inawaka, na ni ya bure," alisema. Alitaka wanawake wa mtaani wanunue kwake, aachane na kibanda cha chapati kilichomharibu macho kwa moshi.

Bahati ikaja: jirani akampa apike pilau ya wageni wa posa ya bintiye. Akapeleka jiko letu, akawaita wanawake waone. Moto ulitoa moshi kidogo mwanzoni, kisha ukatulia, mwekundu, wa chini chini. Mama akawaonya wote, mimi nasikia: "Msiuchokoe. Donge likiguswa linavunjika, linakuwa jivu. Na msipalie kwa haya. Juu ya mfuniko wekeni makaa ya vifuu, yale pale."

Wakaitikia, "Haya, bibi."

Mama akaenda kuswali. Wageni walikuwa wamefika, na shangazi wa binti, mwanamke wa dhahabu mikononi na haraka mwilini, akaona pilau haijakauka. Akachukua koleo, akachomoa madonge chini, akayapanga juu ya mfuniko, kama watu wa pwani tunavyopalia siku zote. Yakamomonyoka. Alipofunua, jivu likamwagika juu ya wali.

Mama aliporudi, shangazi alikuwa akipiga kelele: "Uchafu! Mnatulisha takataka za mbao! Mwageni!"

Jivu lilikuwa juu tu. Chini pilau ilikuwa imeiva, inanukia binzari, nyama laini. Wakaimwaga yote kwenye shimo, kuku wakaparamia. Kuona ile nyama kwenye matope kulinichefua kuliko pipa la nyumbani.

Mama akawatazama wanawake aliowaonya. "Semeni basi, nani amepalia?"

Mmoja akajishughulisha na kanga, mwingine akatazama kuku. Wote walimwona shangazi na koleo, na wote waliogopa kunyimwa mwaliko wa harusi. Wallahi, mpaka leo nikiwaona sokoni nageuza shingo.

"Leteni mkaa," shangazi akaagiza. Ukaletwa.

Mama akanitaka tulishike jiko letu kwa matambara, huku na huku. Tulitembea nalo hadi nyumbani, na madonge yaliyobaki chini bado yalikuwa yanawaka.