Kitanda Namba Moja

Philomena alikuwa muuguzi wa wodi miaka thelathini na mmoja, na kama kuna kitu wodi ilimfundisha ni kuanza na kitanda namba moja. Harukwi mtu. Hata baada ya kustaafu hapa Ifakara, fumbo la maneno la gazeti alilijaza vivyo hivyo: moja, mbili, tatu, mpaka chai ipoe.

Basi wiki tatu zilizopita gazeti likabadilisha mtungaji, na Philomena akakwama. Mafumbo matatu aliyaficha chini ya godoro, binti yake Noela asiyaone. Mama yake Philomena alifariki hamtambui tena mwanawe, akimwita "dada wa zahanati", na tangu hapo hofu yake ilikuwa moja tu: siku akili itakapomuaga.

Alhamisi hii alikuwa na la nne mezani. Moja Kulia, herufi sita: *Kinyume cha 9 Chini.* Saa nzima ameikodolea macho. Kinyume cha nini sasa?

Dionisi, jirani aliyestaafu kazi ya reli Mang'ula, akaingia kupimwa presha kama kawaida yake. Philomena akamfunga kifaa mkononi, akasahau kusoma namba.

"Mama Noela, leo umenipima au umenishika tu mkono?"

Machozi yakamlenga. Akamwambia yote, hadi la godoro. Dionisi hakucheka. Akavuta gazeti.

"Hiyo Tisa inasemaje?"

"Sijafika huko."

"Ifikie."

Akaisoma kwa shingo upande. Herufi nane: *Msimu ambao 14 Kulia huvunwa.*

"Moja anamsubiri Tisa, Tisa anamsubiri Kumi na Nne," akasema Dionisi. "Sisi wa reli, treni zikikutana kwenye njia moja, hatukuuliza nani ana namba ndogo. Tulimtafuta asiyemsubiri mtu, tukamwachia apite. Kumi na Nne anamsubiri nani?"

Herufi sita: *Mmea unaotoa mchele.*

Philomena akamtazama. Mtu wa Kilombero aulizwe hilo! Akaandika MPUNGA. Herufi N ikaangukia chumba cha nne cha Tisa Chini. Mpunga huvunwa mvua ikishakatika. Akahesabu vyumba, N ikakaa pake: KIANGAZI. Akapanda mpaka juu kabisa, kitanda namba moja, akaandika MASIKA.

Kumbe mgonjwa hakuwa yeye. Zamu ndiyo ilipangwa ovyo.

Akaenda chumbani, akarudi na yale matatu. Hakuanza na Moja. Alipekua kwanza vidokezo visivyotaja namba nyingine, akavijaza, vingine vikafuata nyuma yake. Dionisi alisubiri na kifaa mkononi, hakulalamika.

Jioni Noela akapiga simu. "Shikamoo mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba. Nipo, mwanangu," Philomena akasema. "Nipo kabisa."