Paa Linalomngoja Kaka

Mume wangu Kasimu hakuwa mvivu, ila aliwaheshimu wakubwa mpaka sisi wengine tukachoka.

Nyumba ya mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, baba yake aliijenga kwa matofali mabichi, na bati lake lilishaoza. Kasimu alipanga kila kitu kabla ya likizo yake kwenye kampuni ya shaba: Chola seremala atoe paa la zamani, mwashi apandishe kuta, seremala arudi apige paa jipya, fundi umeme afukie mabomba yake ukutani, ndipo lipu, na rangi ije mwisho kabisa. Pesa aliigawa hivyo hivyo, na akiba kidogo pembeni. Mama mkwe tukampeleka kulala kwa jirani. Kila asubuhi aliuliza chumba chake kitakuwa tayari lini.

Jambo moja tu lilibaki: tuongeze chumba cha pembeni au tusiongeze? Urefu wa mbao za paa ulitegemea jibu hilo. Chola alikuwa na nafasi ya kubomoa wiki ile tu, kwa hiyo Kasimu akamruhusu kulibomoa paa kabla ya kuamua. Hapo ndipo tulipokosea.

"Citoyen, unipatie jibu mbele ya mwezi wa nane kuisha," Chola alimwambia, akimwita mwananchi kwa heshima. "Mvula haingojake muntu."

"Yaya Amadi njo mukubwa. Nyumba ni ya baba yetu. Siwezi kusema mi peke."

Yaya Amadi, kaka yake mkubwa, alikuwa Kasenga, kwenye biashara yake ya samaki. Tukamtumia ujumbe kwa dereva wa lori, kisha kwa dereva mwingine. Mwezi wa nane ukaisha, likizo ikaisha, wa tisa nao ukaenda. Mimi nilisema nikachoka, nikanyamaza, na kunyamaza nako kukanichosha.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana kweupe. Ukuta wa chumba cha mama ulilainika, ukajilaza chini wote.

Siku chache baadaye Amadi akafika na kapu la samaki wakavu. Akasimama mbele ya lile tope.

"Sasa mulikuwa munangoja nini?"

"Tulikuwa tunakungoja weye, Yaya," Kasimu akajibu.

"Mi? Nilijua mulishamaliza. Mi niko na nyumba yangu kule."

Niliona aibu kwa ajili ya Kasimu, na hasira pia. Pesa iliyobaki ilitosha kitu kimoja: ukuta wa mama au chumba kipya. Chola alikuwa amesimama na mita mkononi, anasubiri. Kasimu akamgeukia kaka yake.

"Basi useme, Yaya. Tufanye namna gani?"

Amadi akatazama samaki wake.

Chola akaniangalia mimi.

"Mwashi asimamishe ukuta wa mama," nikasema. "Chumba kingine hakuna. Kata mbao."

 Jioni Kasimu akanishika mkono, akasema mbele ya kaka yake, "Asante." Nilikuwa nimechoka mno; nikachukua kapu la samaki, nikaenda kupika.