Picha Tatu za Gamba la Mkono

Mimi sina subira na picha zilizosafishwa, na nina sababu. Mwaka ule nilikuwa bado nafanya kazi ya mazoezi ya viungo katika hospitali moja ya Mbinga, mgeni wa mkoa, na baridi ya kule ilikuwa imenizoea kuliko mimi nilivyoizoea.

Tulikuwa na mgonjwa mmoja wa Lipingo, mama wa makamo anayeishi kwa kuanika usipa, dagaa wa ziwani. Alianguka kwenye pikipiki, mfupa wa juu wa mkono wa kulia ukavunjika, ukaunga vizuri, lakini mshipa wa fahamu ukaumia. Kiganja kikawa kinaning'inia. Nyuma ya kidole gumba hakuwa na hisia kabisa. Ungemchoma sindano pale asingegeuka. Alichohitaji ni kitu cha kukishikilia kifundo cha mkono kikae juu, ili vidole viweze kushika kisu na chekecheke mpaka mshipa upone. Tukaamua kumchapishia gamba la plastiki kwa ile mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka, uzi wa plastiki ukiyeyuka kama nta.

Mafundi watatu walijitokeza, mmoja hapo Mbinga, mmoja Songea, mmoja Dar es Salaam. Wote nikawapa vipimo vilevile. Bosi wangu, daktari mkuu wa idara, akasema kila mmoja atengeneze lake, atume picha, tuchague moja, hilo ndilo lisafirishwe. Kuzilinganisha ikawa kazi yangu.

Nikawaandikia masharti ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeyafuata. Gamba lisimamishwe juu ya kioo jinsi lilivyotoka kwenye mashine. Picha moja kwa usawa wa kioo, tuone kama pembe za chini zimenyanyuka. Nyingine ya upande wa ndani, mwanga utoke ubavuni, kwa sababu mwanga wa mbele unafuta mistari ya matabaka yote. Rula iwe kando. Basi.

Wa Dar akatuma picha ya gamba limelala juu ya kitambaa cha maua, limepigwa picha kutoka juu kwa mwanga wa simu. Lilipendeza. Nikamrudisha. Aliporudi na kioo, mwanga ulikuwa unapita chini ya pembe mbili. Ungeingiza kijiti cha kiberiti. Plastiki ilipoa vibaya, ikajikunja, na gamba lililojikunja linakaa upande upande mkononi. Yeye akatoka.

Wa Songea akatuma kwa kufuata masharti yote, Mungu ambariki. Aliliweka dirishani asubuhi, mwanga ukalala kabisa juu ya plastiki, na kila tabaka likaonekana kama tuta la shamba. Nami, mtaalamu mzima niliyeomba mwanga wa ubavuni kwa mdomo wangu, nikashtuka nikampa alama ndogo za ulaini. Mwanga unaolala hivyo hurefusha kivuli cha kitu kidogo. Nililijua hilo, na bado jicho likanishinda.

Kisha wa Mbinga. Huyu alikuwa na studio ya picha za harusi na pasipoti, mashine ya kuchapa akaiongeza baadaye. Pembe zilikuwa zimekaa sawa juu ya kioo, hapo sikuwa na neno. Lakini upande wa ndani ulikuwa laini kama sabuni iliyoloweshwa. Hakuna mstari. Hakuna hata ule mshono ambao kila gamba la aina ile huwa nao, safu ya vichunusi pale mashine inapomaliza tabaka moja na kuanza lingine. Nikatazama rula. Namba zilikuwepo. Mistari ya milimita haikuwepo, imefutika, ukungu mtupu.

Ndugu yangu huyu alikuwa ameipitisha picha kwenye programu ile ya kuwasafisha maharusi nyuso.

Nikampigia simu. Akasema ni mazoea tu, hakuna picha inayotoka kwake bila kusafishwa, ni heshima kwa mteja. Nikamwambia mteja wangu si bibi harusi. Akakasirika, akauliza kama namwita tapeli. Nikaomba picha mpya, akasema gamba ameshalifunga kwenye boksi. Studio yake iko mwendo wa dakika kumi kutoka hospitali! Ningeweza kwenda kwa miguu nikaligusa kwa kidole. Sikwenda. Wagonjwa walikuwa kwenye benchi mpaka nje, na nilikuwa nimeshachoka na mafundi wote watatu.

Jioni hiyo nikaweka hoja yangu kwenye kundi la simu la hospitali. Nikaeleza jinsi mistari ya rula ilivyofutika. Bosi akajibu, "Dada, kizuri chajiuza. Tupige kura tusonge mbele." Wakapiga kura, watu wa maabara, watu wa stoo, watu ambao hawajawahi kumwona yule mama. Gamba la Mbinga likashinda. Kesho yake fomu ya kuliidhinisha ikaletwa mezani kwangu, na mimi nikasaini. Nilisaini kwa hasira, nikabonyeza kalamu mpaka karatasi ya chini ikapata jina langu, lakini nilisaini.

Gamba likapelekwa kwake moja kwa moja kutoka studio, na baada ya wiki mbili niliteremka ziwani kumwona. Alinipokea kwa furaha, kiganja kimenyooka, akanionyesha jinsi anavyoshika kisu. Nikamvua gamba. Nyuma ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha upana wa shilingi, chekundu, kinatoa maji.

"Mbona sikusikia kitu, mwanangu?" akaniuliza.

Nikasafisha, nikafunga, nikaondoka na gamba, kiganja chake kikiwa kimeanguka tena. Nikampigia fundi wa Songea usiku huohuo. Gamba lake likaletwa na basi, nikalipokea kituoni Kitai, na wiki iliyofuata nikarudi Lipingo nikiwa na yote mawili kwenye mkoba, kwa sababu nilitaka kuelewa.

Mama aliyaweka mapajani. Hakuyatazama sana. Alinyoosha mkono wa kushoto akachukua kipande cha wavu mkuukuu, wa nyuzi nyembamba. Kwao ubao mpya wa mtumbwi unapitishiwa wavu kwanza, akanieleza, kwa sababu penye ukali wavu hunasa na macho hayaoni. Akauvuta ndani ya gamba la Songea. Ulipita kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusita, juu ya matuta yale yote niliyoyanyima alama; mshono wake fundi alikuwa ameupiga msasa kabla ya kulituma. Akauvuta ndani ya lile la Mbinga. Ulipofika kwenye tundu la kidole gumba ukanasa. Akauvuta tena, ukanasa palepale. Nikapitisha kidole changu, na safu ya vichunusi ilikuwa pale, vikali, kimoja baada ya kingine.

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mwanangu, ulipoliruhusu hili, ulijua lina ukali?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kulikuwa na kura, kulikuwa na bosi, kulikuwa na fundi na boksi lake. Yote yalikuwa kweli.

"Nilijua, mama," nikasema. "Nilichoka kubishana."

Akaliweka la Mbinga chini. Kisha akaninyooshea mkono wa kulia, kiganja kinaning'inia, ili nimvalishe lile lingine.