Ulimi wa Kiatu cha Mwalimu

Nilikuwa nashona viatu Chake Chake, kwenye baraza ya duka la viatu la shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye anauza ndani, mimi natengeneza nje. Tulikuwa hatupendani, lakini tulivumiliana.

Asubuhi moja akaja mwalimu mmoja wa kike anayekwenda skuli kwa miguu kila siku. Akanitupia viatu vyeusi miguuni.

"Nimevinunua humu mwezi uliopita. Nimeambiwa ngozi. Hebu tazama!"

Rangi ilikuwa imebanduka magamba kwenye mikunjo ya vidole, na chini yake kitambaa cheupe kinaonekana. Nilijua tayari, lakini nilichukua wembe nikakata ncha ya ulimi wa kiatu, ili aone mwenyewe. Ukingo ulikuwa utando mwembamba uliobandikwa juu ya kitambaa. Nikamwonesha kipande cha ngozi kutoka sandukuni mwangu: kimejaa nyuzinyuzi kutoka juu hadi chini, na vinyweleo vyake havilingani.

"Kiatu chako si ngozi, mwalimu. Plastiki."

Shemeji akatoka. "Wewe fundi, nani kakuuliza?"

"Mimi nimemuuliza," akasema mwalimu. "Nataka unibadilishie."

Shemeji akaingia kwa hasira, akatoka na jozi nyengine. Mwalimu hakuipokea. Akaniambia, "Nikagulie."

Nilitamani ardhi inimeze. Shemeji ananikodolea macho, watu wawili watatu wameshasimama.

"Juu ni ngozi," nikasema. "Ila soli imegandishwa kwa gundi tupu. Kwa mwendo wako, mvua za masika zikianza tu itaachia. Chukua zile za kahawia, rafu ya juu. Soli imeshonwa pande zote. Viatu vya kampuni ile watu huniletea nibadilishe visigino tu, sijapata kuletewa kilichochanika juu."

"Zile bei yake nyengine!" shemeji akafoka.

"Ulinambia ngozi," mwalimu akamjibu. "Au niiite skuli nzima ije kutazama?"

Akapewa za kahawia. Alipoondoka tu, shemeji akalipiga teke sanduku langu. Misumari, nyuzi na kopo la gundi vikamwagika barabarani.

"Toka barazani kwangu! Unakula kwangu, unanitia aibu kwa wateja wangu?"

"Aibu umeiuza mwenyewe," nikamwambia. Nikainama nikaokota misumari. Hakuna aliyenisaidia.

Nikahamia Gombani, pembeni ya mji, chini ya ukuta usio na kivuli. Mke wangu alinuna wiki nzima. Alisema ningeweza kumnong'oneza mwalimu baadaye, nikamwachia kaka yake heshima. Labda. Lakini mwalimu aliniuliza mbele ya watu, na kiatu kilikuwa mkononi mwangu.

Mimi na shemeji hukutana msikitini Ijumaa. Ananipa mkono bila kunitazama, nami nauachia upesi.