Mega za Kalenga

Kalenga, dereva wa teksi ya Likasi kwenda Lubumbashi, alikuwa angali akingoja abiria wa mwisho wakati mama Germaine, aliyeketi mbele, alipoishiwa mega za intaneti kwenye simu yake. Binti yake Marlène, kiziwi tangu utotoni, alikuwa amejifungua asubuhi ile huko Lubumbashi.

"Gari yako iko na wifi?" mama aliuliza.

"Iko nayo, mama, lakini inaomba kadi yake ya SIM na malipo yake ya kila mwezi, hata usipoitumia. Miye sikulipa. Nitakufungulia ya telefone yangu."

"Video itakula mega zako! Sauti ingekula kidogo, ila Marlène hasikii."

"Ikule tu, mama."

Alichomeka simu kwenye chaja ya gari, maana kugawa intaneti humaliza betri upesi, kisha akamnong'oneza mama neno la siri. Mama akapiga video, Marlène akatokea kwenye skrini, mtoto kifuani. Mama akauliza kwa mikono. Binti akajibu kwa mkono mmoja: ni msichana.

Mega za Kalenga zilizobaki ziliisha kabla hawajaagana, lakini mama alikuwa ameshamwona mjukuu wake akipiga miayo.