Mtego wa Panya Darasani

Wanafunzi wangu wa utabibu hapa Sumbawanga walishikilia kwamba ukimfinya mtu kwa nguvu, kila mpigo wa neva unakuwa mkubwa zaidi. Nilichoka kubishana, nikaja na mtego wa panya kutoka stoo yetu ya mahindi.

Nikaugusa kidogo kwa kalamu, kimya. Nikaongeza, ukafyatuka. Nikautega tena na kuubonyeza kwa nguvu zote, ukafyatuka vilevile.

"Neva nayo ni hivyo," nikawaambia. "Sodiamu ikianza kuingia, umeme ndani ya neva unapanda, na huo unafungua milango mingine ya sodiamu. Ukivuka kizingiti, mpigo unatoka mzima, ukubwa uleule. Maumivu makali ni mipigo mingi, si mikubwa."

Mwanafunzi mmoja, binti wa wafugaji, akaubonyeza mtego uliokwisha kufyatuka. Haukuitika.

"Mwalimu, mtego kama huu nyumbani kwetu anautega mama. Kwenye neva anatega nani?"

Swali hilo lilinifurahisha siku nzima.

"Milango ya sodiamu hujiziba yenyewe," nikamjibu. "Potasiamu inatoka, umeme unashuka, neva inapumzika kidogo, ndipo milango inazibuka na kuwa tayari tena."

Jioni mke wangu akauliza mtego uko wapi. Nikamweleza kwamba nimeusahau chuoni, na kwamba hata neva hupumzika kwanza.

"Panya hawakupumzika," akasema, akinionyesha gunia la mahindi lililotobolewa.