Sauti Iliyolipiwa kwa Salio

Mama Pasi alifika dirishani kwangu, kwenye duka la kampuni ya simu, akiwa amefura kwa hasira. Jina hilo alipewa kwa sababu miaka ishirini amekuwa akinyoosha nguo za watu, na kola iliyopita mkononi mwake husimama wima kama askari.

"Mwanangu, mnaninyonya," alisema. "Kila Jumatatu nikiweka vocha, kabla sijapiga hata simu moja, salio limeshapungua."

Nikafungua kumbukumbu za laini yake. Kweli, kila wiki pesa kidogo ilikatwa kulipia programu fulani ya simu. Mtu aliikubali mara moja, ikawa inajilipia yenyewe kwa salio bila kuuliza tena.

"Kuna kitu kimenunuliwa kwenye simu hii, mama." Nikamsomea jina la kigeni la programu hiyo. "Unakijua?"

"Mimi ninunue vitu vya hewani? Nina wazimu?"

Papo hapo simu yake ikasema kutoka mkobani, sauti ya msichana mchangamfu: "Mama, saa nne hii! Kunywa dawa ya presha, halafu ukae chini kidogo. Pasi haina miguu, haitakimbia."

Nikacheka. "Huyo anakusimamia kweli."

"Binti yangu," alisema, akitafuta kidonge. "Aliniwekea hizi sauti kabla hajafariki. Alikuwa mkali, we acha tu."

Nikampa pole. Kisha, mimi niliyejiona mjuzi, nikamfungia manunuzi yote ya kukatwa kwenye salio. Alinibariki mpaka nikaona haya.

Alirudi baada ya miezi miwili, bila hasira. Hilo ndilo lililonitisha.

"Simu imenyamaza," alisema.

Jumbe zote zilikuwamo kwenye simu yake: malipo yameshindikana, malipo yameshindikana tena, lipa kabla ya siku thelathini la sivyo sauti zako zitafutwa. Mama Pasi hajui kusoma. Aliyekuwa akimsomea ni binti yake.

Niliondoa kizuizi, nikalipia upya kwa salio langu mwenyewe. Programu ikafunguka, tupu. Nikawaandikia wenye programu, na jibu likaja kesho yake: zimeshafutwa, hazirudi. Sisi kampuni ya simu tulikuwa wakusanyaji wa malipo tu. Sauti hazikuwahi kuwa kwetu.

Nilipomweleza kwamba ile pesa kidogo ya Jumatatu ndiyo iliyokuwa ikizitunza, na kwamba mkono uliozikata ni wangu, hakunitukana. Nilitamani anitukane.

Alikaa kwenye benchi la wateja, mikono yake yenye makovu ya moto ikiwa mapajani.

"Wewe ulimsikia siku ile," alisema. "Alisemaje vile?"

Foleni nzima ilikuwa ikinitazama. Hata hivyo nikasema, "Mama, saa nne hii. Kunywa dawa ya presha, halafu ukae chini kidogo..."

"Hapana," alinikatiza taratibu. "Yeye alikuwa akiharakisha hapo. Sema tena."